Mita inayobanwa nje ya bomba: jinsi unene wa bomba unavyoweza kuonyesha uvujaji ambao haupo

Kamati nyingi za miradi ya maji katika kaunti yetu hujikuta na swali moja kila mwisho wa mwezi: maji yaliyotoka kisimani ni mengi kuliko yaliyouzwa kwenye vioski, je, mengine yameenda wapi? Swali hilo linaweza kumfanya mhudumu wa kioski ashukiwe, fundi alaumiwe, au mtaro mzima uchimbwe kutafuta bomba lililopasuka. Kabla ya kufika huko, ni vyema wakazi wajue jinsi kipimo cha kisimani kilivyopatikana, hasa pale kinapotolewa na mita ya mawimbi ya sauti inayobanwa juu ya bomba.

Mita ya aina hii hupendwa na wapimaji kwa kuwa bomba halikatwi, pampu haizimwi na maji hayaguswi. Fundi hufika na kisanduku chenye skrini na sensa mbili, akazifunga nje ya bomba kwa mkanda, na baada ya nusu saa anasoma kiasi cha maji kinachopita. Watengenezaji wengi huahidi kosa lisilozidi asilimia 1 ya kipimo. Kwenye miradi yetu vijijini, kosa la kati ya asilimia 2 na 5 ni la kawaida hata kwa fundi mwangalifu. Kosa likifika asilimia 15, mara nyingi mita yenyewe ni nzima. Tatizo huwa ni mambo mawili: unene wa ukuta wa bomba ulioandikwa kwenye mita, na mahali sensa zilipofungwa.

Somo hili linaeleza mambo hayo mawili kwa mfano wa mradi wa kisima kirefu kama ile inayohudumia masoko ya Kaunti Ndogo ya Masinga. Mfano wetu tumeuweka Kithyoko, kando ya barabara ya Thika–Garissa. Takwimu za mfano ni za kujifunzia, lakini vipimo vya mabomba ni vile vinavyopatikana madukani.

Mita inapima nini hasa?

Sensa ya kwanza hutuma mlio mwembamba ambao sikio haliwezi kuusikia. Mlio huo hupenya ukuta wa bomba, hukatiza maji kwa mshazari, hugonga ukuta wa upande wa pili na kurudi hadi kwenye sensa ya pili, ukichora umbo la herufi V. Kisha sensa ya pili hutuma mlio wake kurudi kwa ya kwanza. Mlio unaofuata mkondo wa maji hufika mapema kidogo, na ule unaokwenda kinyume na mkondo huchelewa kidogo. Tofauti hiyo ya muda ndiyo mita inayoitumia kujua mwendo wa maji.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Katika bomba la inchi nne, maji yakienda sentimita 68 kwa sekunde, mlio mmoja humtangulia mwenzake kwa takriban sehemu 40 za bilioni ya sekunde. Mita za kisasa zinaweza kupima muda huo. Lakini mwendo wa maji peke yake hauelezi ni lita ngapi zinapita. Ili kupata lita, mita huzidisha mwendo huo kwa eneo la uwazi wa ndani ya bomba.

Sehemu hiyo ya pili ya hesabu mita haiwezi kuipima vizuri yenyewe. Inamtegemea fundi. Yeye ndiye anayeandika kipenyo cha nje cha bomba, unene wa ukuta na aina ya bomba, yaani chuma au plastiki. Mita hutoa unene mara mbili kutoka kwenye kipenyo cha nje, ikapata kipenyo cha ndani, kisha ikakokotoa eneo. Fundi akiandika unene usio wa kweli, mita itafanya hesabu sahihi kwa bomba ambalo halipo.

Tena kosa hilo hukua. Eneo la duara hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo, kwa hiyo kosa la asilimia 1 kwenye kipenyo cha ndani huwa karibu asilimia 2 kwenye lita. Kwa bomba dogo la miradi ya vijijini, milimita tatu za ukuta si jambo dogo.

Mfano wa Kithyoko: bomba moja jeusi, madaraja mawili

Tuseme kisima chetu kinapeleka maji hadi kwenye tangi la kilimani kwa bomba jeusi la plastiki la HDPE lenye kipenyo cha nje cha milimita 110. Ukitazama kutoka nje, mabomba yote ya milimita 110 yanafanana. Lakini bomba la daraja la PN10 lina ukuta wa milimita 6.6, na lile la PN16 lina ukuta wa milimita 10.0, kwa kuwa limetengenezwa kustahimili shinikizo kubwa zaidi. Kisima kilicho bondeni kikipeleka maji mlimani, mara nyingi kandarasi huweka PN16 sehemu ya chini yenye shinikizo kubwa na PN10 sehemu ya juu, ili kupunguza gharama. Hivyo mradi mmoja unaweza kuwa na mabomba ya unene tofauti yaliyounganishwa.

Mpimaji anafika. Kwenye karatasi za mradi anakuta maneno "HDPE 110 mm PN10", basi anaandika 110 na 6.6 kwenye mita. Lakini pale alipofunga sensa, karibu na kisima, bomba ni PN16. Sasa tufuate hesabu.

Kwa mita, kipenyo cha ndani ni 110 kutoa 13.2, yaani milimita 96.8. Kwa kweli ni 110 kutoa 20, yaani milimita 90. Tuseme mita imesoma mwendo wa maji sawasawa, sentimita 68 kwa sekunde. Kwa kipenyo cha 96.8, mita inaonyesha takriban lita 18,020 kwa saa. Maji yanayopita kwa kweli kwenye bomba la 90 ni takriban lita 15,570 kwa saa. Mita imezidisha kwa karibu asilimia 16, ingawa hakuna hitilafu yoyote ndani yake.

Pampu ikifanya kazi saa 8, ripoti itasema kisima kimetoa lita 144,160. Maji yaliyotoka ni lita 124,560. Tofauti ni lita 19,600, sawa na mitungi 980 ya lita 20. Sasa tuseme mita za vioski, ukizijumlisha siku hiyo, zinaonyesha lita 122,000. Kamati ikilinganisha na ripoti ya mpimaji, itaona zaidi ya lita 22,000 zimepotea, ambazo ni asilimia 15 ya maji yote. Watu wataanza kuuliza nani anayefungulia maji usiku. Ukweli ni kwamba upotevu ni lita 2,560, takriban asilimia 2, kiasi ambacho mradi wowote ungejivunia.

Kosa linaweza pia kwenda upande mwingine. Fundi akiandika 10.0 pale bomba lilipo la 6.6, mita itaonyesha maji machache kuliko yaliyopita. Hapo uvujaji wa kweli utafichika, na kamati itaridhika huku maji yakipotea ardhini. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halimsumbui mtu yeyote.

Hesabu hii imehusisha eneo la bomba pekee. Baadhi ya mita hutumia kipenyo hicho hicho pia katika kukokotoa mwendo, kwa hiyo kosa la jumla linaweza kuwa kubwa au dogo kuliko hili kulingana na aina ya mita. Mwelekeo wake, hata hivyo, ni huo huo.

Kujua unene wa kweli

Njia rahisi ni kusoma maandishi ya bomba. Bomba la HDPE huwa limepigwa chapa kila baada ya urefu fulani, kwa mfano:

```
PE100 110x10.0 SDR11 PN16
```

Namba 110x10.0 ndizo zinazotakiwa: kipenyo cha nje na unene wa ukuta. Bomba la PN10 la saizi hiyo huandikwa 110x6.6 na SDR17. Chapa isomwe pale pale sensa zinapofungwa, kwa kuwa mita mia moja mbele bomba linaweza kuwa la daraja jingine. Kama limefukiwa, udongo ufukuliwe na bomba lipanguswe hadi maandishi yaonekane. Kamati ikihifadhi vipande vilivyobaki wakati wa ujenzi, kimoja kwa kila daraja, vitasaidia sana: ukuta hupimwa kwa kalipa kwenye ncha iliyokatwa.

Kipenyo cha nje nacho kipimwe, kisichukuliwe kwa jina tu. Zungusha utepe wa kupimia kwenye bomba, kisha gawanya mzunguko kwa 3.1416. Bomba la milimita 110 litatoa mzunguko wa takriban milimita 346. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mabomba ya chuma, kwa sababu "inchi nne" au "inchi sita" ni jina la biashara. Bomba la inchi sita lililotengenezwa kwa kiwango cha Uingereza lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 165, na lile la kiwango cha Marekani lina milimita 168.3. Orodha iliyomo ndani ya mita huenda ikawa na moja tu kati ya hizo.

Pale ambapo hakuna chapa wala kipande, mpimaji atumie kifaa kidogo cha kupima unene, ambacho nacho hufanya kazi kwa mlio. Kifaa hicho lazima kiwekewe aina ya bomba, kwa kuwa sauti hupita ndani ya chuma kwa kasi zaidi ya mara mbili ya ile ya plastiki. Kikiwa kimewekewa chuma kisha kikapima plastiki, kitatoa unene mkubwa kupita kiasi. Rangi nene juu ya bomba la chuma ikwanguliwe kwanza, isije ikahesabiwa kama sehemu ya ukuta.

Bomba kuukuu la chuma lina tatizo jingine. Maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi na madini mengi, na miaka ikipita, gamba la kutu na chokaa hujijenga ndani. Kifaa cha unene husoma chuma pekee na kulipita gamba bila kuliona. Chukua bomba la inchi nne lenye uwazi wa ndani wa milimita 105. Gamba la milimita 3 kuzunguka pande zote hupunguza uwazi huo hadi milimita 99. Mita isiyojua habari ya gamba itazidisha maji kwa asilimia 12 au zaidi. Ukitaka kujua, tazama ndani ya bomba siku vali inapofunguliwa kwa ukarabati, au upimie kwenye kipande kipya cha bomba ikiwa kipo. Mlio dhaifu unaopotea mara kwa mara kwenye bomba la zamani pia ni dalili ya gamba.

Dalili iliyo kwenye skrini

Mita nyingi za aina hii huonyesha pia kasi ya sauti ndani ya maji kama zilivyoikokotoa zenyewe. Wasomaji wengi wa mita huipuuza namba hiyo, ingawa inaweza kufichua kosa la unene papo hapo.

Kasi ya sauti katika maji masafi inajulikana. Maji yakiwa na joto la nyuzi 20 ni takriban mita 1,482 kwa sekunde, kwa nyuzi 25 ni 1,497, na kwa nyuzi 30 ni 1,509. Chumvi ya kisima huongeza namba hiyo kidogo tu. Mita huikokotoa kwa kugawa umbali ambao mlio umesafiri ndani ya maji kwa muda uliotumika. Muda inaupima yenyewe, lakini umbali inauchukua kutoka kwa kipenyo alichoandika fundi. Kipenyo kikiwa cha uongo, kasi ya sauti nayo itakuwa ya uongo.

Katika mfano wetu wa Kithyoko, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, mita ingeonyesha kasi ya sauti ya karibu 1,570 badala ya 1,497. Hakuna maji ya kisima chenye joto hilo yanayoweza kufikia kasi hiyo. Kwa hiyo pima joto la maji kwa kipimajoto cha kawaida, kisha linganisha. Tofauti ikizidi asilimia 1 au 2, vipimo vya bomba vikaguliwe upya kabla ya kuandika ripoti. Msichanganye kasi hii na alama ya ubora wa mlio. Mlio unaweza kuwa na nguvu ya kuridhisha huku vipimo vya bomba vikiwa vimekosewa.

Kwa nini bomba linyooke kabla ya sensa

Sasa tuseme unene umeandikwa sawasawa, 10.0. Bado kuna swali la mahali.

Maji hayaendi kwa mwendo mmoja ndani ya bomba. Yaliyo katikati hukimbia, na yanayogusa ukuta hujikokota. Mlio wa mita hupita kwenye mstari mmoja unaokatiza katikati ya bomba, hivyo hukutana zaidi na maji yanayokimbia. Mita inajua hilo na hupunguza kipimo chake kwa asilimia kadhaa, kwa hesabu iliyoandaliwa kwa bomba refu lililonyooka ambamo maji yametulia na kujipanga.

Maji yakitoka kwenye kona hayajajipanga. Husukumwa upande wa nje wa kona na kuanza kujizungusha kama kamba inayosokotwa. Vali iliyofunguliwa nusu hurusha maji upande mmoja. Pampu huyazungusha. Mita ikifungwa hapo, itafanya punguzo lake la kawaida juu ya maji yasiyo ya kawaida, na jibu linaweza kwenda juu au chini bila onyo.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hutaka bomba lililonyooka kabla na baada ya sensa, na urefu wake huhesabiwa kwa kipenyo cha ndani. Kanuni ya kawaida ni vipenyo 10 kabla ya sensa na 5 baada yake, ikiwa kilicho mbele ni kona moja tu. Kona mbili zinazogeukia pande tofauti huhitaji vipenyo 25 hivi. Baada ya pampu au vali isiyofunguliwa yote, vipenyo 30 hadi 50. Kwa bomba letu lenye uwazi wa milimita 90, vipenyo 10 ni sentimita 90, vipenyo 30 ni sentimita 270, na vipenyo 50 ni mita nne na nusu.

Tazama jinsi kichwa cha kisima kilivyo katika miradi mingi. Bomba hutoka ardhini, hupinda, hupita kwenye vali ya kuzuia maji yasirudi, kisha vali ya kufungia, hupinda tena na kuingia mtaroni. Sehemu inayoonekana haizidi mita moja. Ni rahisi kufunga sensa hapo kwa kuwa bomba liko wazi na kuna kivuli cha nyumba ya pampu, na hapo ndipo mahali pabaya zaidi. Afadhali kufukua mtaro mita tano mbele na kuacha bomba wazi kwa urefu wa mita moja. Vibarua wawili wenye majembe wanaweza kuimaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Jinsi ya kujua kama mahali panafaa

Sensa zifungwe ubavuni mwa bomba, zisifungwe juu wala chini. Hewa hukaa juu na mchanga hutulia chini, na vyote viwili huzuia mlio. Bomba pia liwe limejaa maji. Pale maji yanaposhuka mlima kwa uzito wake, bomba linaweza kuwa nusu tupu, na mita itahesabu kana kwamba limejaa.

Kisha fanya jaribio la kuzungusha. Soma kipimo sensa zikiwa ubavu mmoja, zihamishie ubavu wa pili, halafu zipandishe na kuzishusha kidogo kutoka ubavuni. Kila mara acha mita isome kwa dakika tano na uchukue wastani. Tuseme karibu na vali ya Kithyoko ubavu mmoja umetoa lita 14,600 na wa pili lita 16,900. Maji hapo hayajatulia, na wastani wa namba hizo hauaminiki kwa kuwa kosa linaweza kuwa upande mmoja pote. Ukihamia mita tano mbele ukapata 15,500 upande mmoja na 15,650 upande wa pili, tofauti ni chini ya asilimia 1, na hapo panafaa. Kwa kawaida tofauti isizidi asilimia 2 au 3.

Jaribio la tatu ni la sifuri. Zimeni pampu, fungeni vali, acheni bomba likiwa limejaa, na subirini maji yatulie. Mita inapaswa kusoma sifuri au karibu nayo. Ikisoma sentimita 2 kwa sekunde maji yakiwa yamesimama, hizo mbili zitaingia katika kila kipimo. Kwa mwendo wa sentimita 68, hilo ni kosa la asilimia 3. Kwa pampu ya sola asubuhi au jioni, mwendo ukiwa sentimita 20 tu, kosa hilo hilo ni asilimia 10.

Tangi ndilo shahidi

Majaribio yote hayo yanaweza kuthibitishwa na kitu ambacho kila mradi unacho. Chukua tangi la mawe la duara lenye kipenyo cha ndani cha mita 4. Kila sentimita moja ya maji inayopanda ndani yake ni takriban lita 126. Fungeni bomba la kutoa maji, hakikisheni halivuji kwa kutazama kimo kwa dakika 30 pampu ikiwa imezimwa, kisha washeni pampu na mpime muda ambao maji hutumia kupanda sentimita 100, yaani lita 12,570.

Katika mfano wetu, maji yakiwa lita 15,570 kwa saa, itachukua dakika 48 na kidogo. Kama mita iliyoandikiwa 6.6 ingekuwa kweli, ingechukua chini ya dakika 42. Hakuna anayeweza kuchanganya dakika 48 na 42, hata kwa saa ya mkononi. Kosa la sentimita moja katika kusoma kimo ni asilimia 1 tu.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, bomba kati ya kisima na tangi lisiwe na tawi lililo wazi, la sivyo mtakuwa mmepima maji yaliyofika, siyo yaliyotoka. Pili, pampu ikiwa ya sola, mtiririko hubadilika na wingu. Linganisheni jumla ya lita ambazo mita imehesabu ndani ya dakika hizo hizo na lita zilizoingia tangini, badala ya kulinganisha na namba moja iliyosomwa kwenye skrini.

Mambo ya kudai katika ripoti

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kuchota maji kwa mradi wa umma huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kiasi kinachochotwa hupaswa kujulikana. Mita ya kudumu iliyounganishwa ndani ya bomba ndiyo inayofaa kwa hesabu za kila siku na za malipo. Mita ya kubanwa nje hutumika kuikagua hiyo ya kudumu na kutafuta upotevu, na ripoti yake isikubaliwe kama ina namba ya lita peke yake. Kamati iombe ripoti ionyeshe mambo haya:

1. Kipenyo cha nje kilichopimwa, unene wa ukuta, na jinsi unene huo ulivyojulikana: chapa, kipande au kifaa.
2. Picha ya mahali sensa zilipofungwa, pamoja na umbali kutoka kona, vali au pampu iliyo karibu, kabla na baada.
3. Kasi ya sauti iliyoonyeshwa na mita, na joto la maji wakati huo.
4. Vipimo vya angalau pande mbili za bomba, na kipimo cha sifuri.
5. Matokeo ya jaribio la tangi, ikiwa tangi lipo.

Ripoti yenye mambo hayo matano inaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayejua kuzidisha na kugawa. Ikikosa la kwanza, kamati isimshuku mhudumu wa kioski wala isichimbe mtaro hadi mtu apanguse udongo juu ya bomba na kusoma namba zilizoandikwa hapo.